Kazi moja, waombaji watatu: njia za kuingilia ajira ya teknolojia na pengo ambalo kila njia huacha

Ofisi yetu iko Tudor, Mombasa, na shughuli yake ni kuandika mifumo ya ankara na malipo kwa wenye maduka, wenye nyumba za kupangisha na mawakala wanaotoa mizigo bandarini. Tunapotafuta mwanaprogramu mpya hatuanzi kwa kumwuliza alisoma wapi. Tunampa kazi moja ya siku tatu, ileile kwa kila mwombaji, kisha tunaketi naye saa moja atueleze alivyoifanya. Mara ya mwisho waliofika hatua hiyo walikuwa watatu: wa kwanza ana shahada ya teknolojia ya habari, wa pili alikuwa ametoka kumaliza kozi fupi ya miezi mitano, na wa tatu alijifunza mwenyewe. Hakuna aliyeimaliza bila kosa, lakini makosa yao hayakufanana hata kidogo, na kila kosa lilionyesha mwenyewe alikopitia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mteja wa duka la vifaa vya ujenzi amepewa ankara ya shilingi 1,500. Anabonyeza kitufe cha kulipa kwenye ukurasa, simu yake inaonyesha ombi la M-Pesa, anaweka nambari ya siri, na mfumo unaandika kwamba ankara imelipwa. Mawasiliano hayo hupitia Daraja, lango ambalo Safaricom imewafungulia wanaprogramu, na lenye mazingira ya majaribio ambayo mtu yeyote anaweza kujisajili.

Ugumu umejificha mahali ambapo mtumiaji hapaoni: majibu huja mara mbili, tena kwa nyakati tofauti. Jibu la kwanza hurudi papo hapo likiwa na `ResponseCode` yenye thamani 0, nalo husema tu kwamba ombi limepokewa. Jibu la pili huja baada ya mteja kuamua, na hutumwa na Safaricom kwenye anwani ya mtandao ambayo mwanaprogramu aliitaja katika ombi lake. Ndani ya jibu hilo mna `ResultCode`, ambayo ni 0 ikiwa pesa zimelipwa, 1032 ikiwa mteja ameghairi, na 1 ikiwa salio lake halitoshi. Jibu hilo likichelewa au likipotea njiani, mfumo unaweza kuuliza wenyewe hali ya ombi. Mawasiliano yote hayo hubeba kitambulisho kimoja kinachoitwa `CheckoutRequestID`, na hicho ndicho uzi unaoyashona pamoja.

Kijana mwenye shahada alikuja na karatasi. Alikuwa amechora mchoro wa safari nzima ya malipo, na kabla hatujamwuliza alieleza kwamba mfumo ukipokea habari ya malipo yaleyale mara mbili ni lazima uyaandike mara moja tu. Alijua pia kwamba ulinzi huo huwekwa kwenye hifadhidata yenyewe, si kwenye programu inayoizunguka. Lakini mfumo wake haukupata jibu la pili hata siku moja. Anwani aliyoitaja ilikuwa `http://localhost:8000`, ambayo maana yake ni "kompyuta hii hii", na bila shaka seva za Safaricom haziwezi kuifikia kompyuta iliyo mezani kwake. Alihitaji anwani ya hadharani yenye `https`. Siku mbili kati ya tatu alizipoteza akikagua msimbo uliokuwa sahihi, akitafuta kosa ambalo halikuwamo ndani yake. Kazi yote aliileta kwenye diski ya mfukoni, bila historia ya mabadiliko, kwa sababu katika miaka minne hakuwa amewahi kuandika programu moja pamoja na mtu mwingine akitumia Git, zana inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo.

Si kwamba kijana huyo alisoma vibaya. Shahada hapa nchini huchukua miaka minne, na anayeingia moja kwa moja kutoka sekondari huhitaji wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE. Kwa Mombasa chuo cha umma kilicho karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor, kilichokuwa politekiniki kabla ya kupewa hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Wengine huvuka hadi Kilifi kwenye Chuo Kikuu cha Pwani. Sehemu kubwa ya miaka hiyo hutumiwa kwa mambo yasiyozeeka upesi, kama vile miundo ya data, mifumo endeshi, mitandao, nadharia ya hifadhidata na hisabati inayobeba yote hayo. Kuweka programu kwenye seva, kusoma ujumbe wa hitilafu na kufanya kazi kwenye msimbo wa mtu mwingine ni mambo ambayo mwanafunzi hutarajiwa kuyaokota wakati wa mafunzo kazini. Akipelekwa ofisi ambako kazi ya mwanafunzi ni kubadilisha wino wa printa na kuwafungulia watu barua pepe zilizogoma, basi hurudi chuoni bila kuwa ameokota kitu.

Kinachofunguliwa na shahada ni nafasi ambazo mwajiri wake ni mkubwa na ana taratibu zilizoandikwa. Matangazo ya kazi katika mashirika ya umma, serikali za kaunti na benki huitaja shahada kuwa sharti, na anayechuja maombi huanza kwa kuweka kando yasiyo na cheti, bila kuangalia aliyeandika anajua nini. Kazi zenyewe ni kama usimamizi wa hifadhidata, uchambuzi wa mifumo, usalama wa mitandao na ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. Ni kazi ambazo kosa moja hugharimu sana, na ambazo mtu hupanda ngazi kwa miaka. Anayetaka kufundisha chuoni, kuendelea na shahada ya uzamili, au kuomba kibali cha kufanya kazi katika nchi nyingi za nje, atakuta mlango huohuo unadai karatasi hiyohiyo.

Msichana wa kozi fupi alituonyesha kazi yake kwenye simu. Ukurasa ulikuwa mzuri, ulikuwa tayari kwenye anwani ya hadharani, na historia yake ya Git ilisomeka kama shajara, kila badiliko likiwa na sentensi inayolieleza. Nikabonyeza kitufe cha kulipa, ombi likaja kwenye simu yangu, nikalighairi makusudi. Ukurasa ukaandika kwa rangi ya kijani kwamba ankara imelipwa. Alikuwa ameichukua ile 0 ya kwanza, inayosema ombi limepokewa, kuwa ndiyo habari ya malipo. Tulipofungua kumbukumbu za seva yake tulikuta jibu la pili, lenye 1032, limefika salama na kulala pale bila kusomwa na mtu. Ninawashauri wote wanaojaribu mfumo wa aina hii waanze na kughairi, kisha wajaribu na laini isiyo na salio, kwa sababu njia ya mafanikio karibu kila mtu huiandika sawa.

Kosa hilo lina chanzo kinachoeleweka. Kozi fupi, ambazo huchukua kati ya miezi mitatu na sita, humchukua mwanafunzi ambaye pengine hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo, na mwishoni humtaka awe na mradi unaoonekana. Ili jambo hilo liwezekane, hukata. Hufundisha lugha moja au mbili, mara nyingi JavaScript au Python, pamoja na zana moja ya kujengea kurasa kama React, huku Git na kazi ya kikundi vikisisitizwa tangu juma la kwanza. Kinachokatwa ni hali zisizo za kawaida: mtandao ukikatika katikati, jibu likija mara mbili, watu wawili wakibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mradi wa darasani hutazamwa siku ya maonyesho, mbele ya watu ambao hawana nia ya kuuharibu.

Kwa hiyo nafasi zinazomfaa zaidi anayetoka huko ni zile zenye mtu mwenye uzoefu karibu naye: mwanaprogramu wa upande wa mbele, yaani ile sura ambayo mtumiaji huiona na kuibonyeza, au mjaribu wa programu anayetafuta makosa kabla ya wateja, au msaidizi wa uchambuzi wa data ikiwa kozi ilikuwa ya data. Shida ni kwamba nafasi za namna hiyo ndizo za kwanza kukatwa. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa wazo la kuwachukua vijana wa Afrika, kuwafundisha na kuwaajirisha kwa wateja wa ng'ambo, ilitangaza mwaka 2019 kuwaachisha kazi wanaprogramu wachanga wapatao 400 nchini Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja sasa walitaka wenye uzoefu. Vijana hao hawakuwa wazembe. Mteja aliye mbali hataki kulipia muda wa mtu kujifunza, na kuanzia mwaka 2022, kampuni kubwa za Marekani zilipoanza kupunguza watu, foleni ya wachanga ilizidi kurefuka.

Anayefikiria kulipia kozi ya aina hii asiulize kwanza kama kuna cheti, bali aulize mambo mawili. La kwanza ni kama kuna mtu anayesoma msimbo wa mwanafunzi mstari kwa mstari na kumrudishia wenye maoni, maana hicho ndicho kitu pekee ambacho mtandao hautakupa bure. La pili ni kama kuna mradi wa mwisho uliowahi kutumiwa na mtu asiye mwanafunzi. Akijibiwa kwa picha za mahafali, ajue amejibiwa.

Wa tatu alikuwa kijana aliyeanzia kwenye saiba ya Kongowea, akichapisha barua na kuwajazia watu fomu za serikali. Alijifunza usiku mtandaoni kwa kutumia kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard na tovuti ya freeCodeCamp, ambazo ni za bure, na gharama zake zilikuwa bando za intaneti na kompyuta ya mkono wa pili. Mfumo wake haukudanganywa na kughairi, wala na salio pungufu. Alituambia kwa nini: alikuwa amewahi kumtengenezea mwenye duka mfumo wenye kosa lilelile la ankara kuwa kijani, na mwenye duka akatoa mabati kabla ya kugundua kwamba hakuna pesa iliyoingia. Somo la aina hiyo halisahauliki, kwa kuwa mabati yale aliyalipa yeye.

Hata hivyo, tulipoufanya mfumo wake upokee jibu la Safaricom na wakati huohuo uulize wenyewe hali ya ombi, ankara ya 1,500 iliandikwa imelipwa 3,000. Hakuwa mjinga wa hatari hiyo. Msimbo wake ulitazama kwanza kama malipo yameshaandikwa, na kama hayapo ukayaandika. Lakini habari mbili zikifika ndani ya sekunde moja, zote mbili hutazama, zote mbili hukuta hapana kitu, na zote mbili huandika. Kati ya kutazama na kuandika kuna upenyo mdogo, na kuongeza masharti kwenye programu hakuuzibi. Unazibwa na hifadhidata, kwa kuiambia kwamba kitambulisho kimoja hakiwezi kuwa na safu mbili. Katika PostgreSQL inatosha hivi:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  checkout_id TEXT PRIMARY KEY,
  ankara      INTEGER NOT NULL,
  kiasi       INTEGER NOT NULL
);

INSERT INTO malipo (checkout_id, ankara, kiasi)
VALUES ('ws_CO_0001', 27, 1500)
ON CONFLICT (checkout_id) DO NOTHING;
```

Maneno `PRIMARY KEY` ndiyo yanayokataa safu ya pili, na mstari wa mwisho huiambia hifadhidata ikatae kimyakimya bila kuiangusha programu. Yule wa shahada alikuwa ameyaandika haya kwenye karatasi yake. Huyu wa Kongowea alikuwa hajawahi kuyasikia, kwa sababu anayejifunza mwenyewe hutafuta majibu ya maswali aliyokutana nayo, na swali hili huwa halimjii mtu mpaka siku duka lipate wateja wengi. Pengo lake la pili lilitutisha zaidi: funguo za siri za kuingilia Daraja alikuwa ameziandika ndani ya msimbo, na msimbo wote ulikuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, wazi kwa yeyote. Kuzifuta kwenye toleo jipya hakusaidii, kwani historia bado inazo. Dawa ni kuzibatilisha na kuomba nyingine. Kosa hili mwenye kuajiri anaweza kulitambua kwa dakika moja, na hata mwombaji anaweza kujikagua kabla hajatuma kiungo chake:

```
git log -p | grep -i secret
```

Mwenye kujifunza mwenyewe kwa kawaida hulipwa kwanza na wateja wadogo, kwa tovuti za maduka, mifumo ya hesabu za madrasa na vyama vya akiba, au kazi za vipande kupitia mtandao. Ofisini huingilia kwenye nafasi ya fundi wa msaada, yule anayeitwa kompyuta ikigoma, kisha husogea. Muda wake ni mrefu kuliko unavyotangazwa. Anayesoma usiku baada ya kazi ya mchana asishangae ikimchukua mwaka mmoja na nusu au miwili kufika mahali ambapo mtu asiyemjua anaweza kumwamini na mfumo wa pesa. Tatizo lake kubwa ni ushahidi, kwa kuwa hana chuo kinachomsemea, na kazi zake nyingi ziko ndani ya maduka ambako hakuna wa kuzisoma.

Kuna tawi moja ambalo tatizo hilo la ushahidi lilitatuliwa zamani, nalo linaihusu Mombasa kuliko miji mingi. Nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti Kenya hutua pwani hii; SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Kutoka ufukweni kuna vituo vya data, nguzo, mitaro na majengo ambayo lazima mtu ayaunganishe na ayatunze. Kazi za mitandao zina mitihani inayotambulika kote, wa kawaida ukiwa CCNA wa kampuni ya Cisco. Mtihani huo hauulizi ulisomea wapi: unalipia, unaketi, ukipita cheti kinadumu miaka mitatu. Vifaa vya mazoezi si lazima vinunuliwe, kwani Cisco hutoa bure programu ya Packet Tracer inayoiga swichi na ruta kwenye kompyuta. Aliyejifunza mwenyewe akapita mtihani huo huingia kwenye nafasi ya fundi wa mitandao akiwa na kitu ambacho mwanaprogramu mwenzake hana. Hata hivyo, asitarajie mtihani mmoja umpe ujuzi wa kuunga faiba juu ya nguzo Changamwe jua likiwaka. Hilo hufundishwa na fundi mwingine, kwa mikono.

Yote niliyoyasema yanahusu mlango wa kuingilia, na mlango huo si mrefu sana. Katika ofisi yetu, mtu aliyekaa miaka mitatu hatuwezi tena kusema alikuja kwa njia gani kwa kuusoma tu msimbo wake. Wa shahada huwa ameshajifunza seva, wa kozi fupi ameshakutana na hali mbaya za kutosha, na aliyejifunza mwenyewe ameshapata mtu wa kumsomea msimbo. Kisichofifia ni karatasi, kwa sababu anayeitaka si yule anayefanya kazi pamoja nawe.

Nafasi tulimpa kijana wa Kongowea. Tulipomweleza kosa la 3,000 alirudi kesho yake asubuhi akiwa ameshalirekebisha, ameshabatilisha funguo, na ameandika jaribio linalotuma habari hamsini kwa mpigo ili kuthibitisha kwamba inaandikwa moja tu. Aliye na shahada aliajiriwa baadaye na taasisi kubwa, na nadhani ndiko alikostahili. Msichana wa kozi fupi tulitaka sana kumchukua, lakini tulikuwa na mshahara wa mtu mmoja, na hatukuwa na mtu wa kuketi naye kila siku. Lawama ya hilo ni yetu, si ya kozi yake.

Mwaka mmoja baadaye tuliomba zabuni ya taasisi moja ya umma. Fomu ilidai nakala za vyeti vya shahada vya wataalamu watatu watakaojenga mfumo. Sehemu ambayo ndiyo iliyotufanya tuitwe kwenye maonyesho ilikuwa ya malipo, aliyoiandika kijana wa Kongowea karibu yote, na jina lake halikuweza kuingia kwenye fomu. Alikuwa na C ya KCSE, isiyotosha kuingia shahada moja kwa moja lakini inayotosha kwa stashahada, na vyuo vingi humruhusu mwenye stashahada kuingia shahada akiwa amepunguziwa muda. Siku hizi saa kumi na moja jioni hufunga kompyuta yake na kwenda darasani. Juzi alirudi akicheka, kwa sababu somo lilikuwa la hifadhidata na mwalimu alikuwa akieleza kwa nini safu mbili haziwezi kushiriki ufunguo mmoja.